Barua ya Ushuhuda wa Kazi

Mkandarasi mmoja wa hapa Dodoma, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia simu jioni. Msimamizi wake wa saiti alikuwa anaondoka, amepata kazi Mwanza, na mwajiri mpya alitaka barua. "Mwalimu, mwandikie barua ya mapendekezo, nzuri kabisa. Kijana ametufaa." Nikamuuliza amefaa kwa lipi. Akacheka. "Wewe andika tu mchapakazi, mwaminifu, anajituma. Si ndivyo zinavyoandikwa?"

Kweli ndivyo zinavyoandikwa, na sehemu ya kosa iko katika jina tunaloiita barua yenyewe. Mtu akiambiwa aandike mapendekezo, kalamu inaanza kusifia kabla hajakumbuka hata jambo moja. Kupendekeza ni kusema "mchukueni". Lakini anayeomba barua hii hajauliza kama amchukue. Anauliza huyu mtu mlimwona akifanya nini.

Majina mengine tunayotumia yana matatizo yake. Barua ya utambulisho tumeshamwachia mwenyekiti wa mtaa: ndiyo unayopeleka benki kufungua akaunti, inasema unaishi wapi, basi. Udhamini ni mzito zaidi. Matangazo ya kazi serikalini huomba wadhamini watatu, na wengi tumeshazoea, ila neno lenyewe linatisha, kwa sababu mdhamini ndiye anayesimama polisi au mahakamani na kulipa mwenziwe akitoroka. Nimewahi kuona mzee anakataa kuandikwa mdhamini wa kijana aliyemfundisha kazi miaka mitano, akihofia atafuatwa kijana akiharibu huko mbele. Mzee hakuwa mjinga. Alisoma neno kama lilivyo.

Halafu kuna cheti cha utumishi, ambacho wengi hukichanganya na barua hii. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Kenya ni hivyo hivyo chini ya Sheria ya Ajira ya 2007: jina la mwajiri na la mfanyakazi, kazi yenyewe na mahali pake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Sheria hiyo ya Kenya inaongeza jambo linalofaa kukumbukwa: mwajiri halazimiki kutoa barua inayoeleza tabia ya mtu au utendaji wake. Cheti ni haki. Barua ni hiari, na mwenye hiari ya kunyamaza akiamua kusema, aseme alichokiona.

Hati ya kazi ina historia chungu kwetu. Kenya ya mkoloni, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe, kazi na mshahara, na asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kuhama. Mfumo ule ulifutwa 1947, lakini neno limebaki; Wakenya hadi leo huita kitambulisho chao kipande. Pengine ndiyo maana tumeegemea upande wa pili na kuandika barua zisizosema chochote kibaya, wala chochote.

Mimi napendekeza tuiite barua ya ushuhuda wa kazi. Najua neno ushuhuda limechukuliwa na makanisa, na mtu anaweza kudhani msimamizi wa saiti ameokoka. Ndiyo sababu nang'ang'ania "wa kazi" mwishoni. Faida yake ni kwamba shahidi tunamjua. Hasifii wala haahidi. Anaeleza alichokiona, na asichokiona anakiacha.

Basi nikamwambia mkandarasi sitaandika neno mpaka nione shajara ya saiti. Akaniletea madaftari matatu yenye madoa ya saruji.

Jengo lilikuwa la ofisi, la ghorofa mbili. Kijana alianza kazi msingi ukichimbwa, akaondoka siku chache baada ya slabu ya juu kumwagwa. Hapo pakajitokeza kitu cha kwanza cha kusahihisha, maana rasimu aliyokuwa ameiandika karani wa mkandarasi ilisema "alijenga jengo la ghorofa mbili". Hakulijenga, na hata kulisimamia hakulisimamia lote. Paa, plasta na mabomba yalikuja baada yake. Nikaandika: "Alisimamia kazi ya zege, nondo na tofali kuanzia msingi hadi slabu ya juu." Mwajiri wa Mwanza akitafuta mtu wa kumalizia majengo, ajue mapema kwamba ushuhuda huu haumsaidii.

Ujuzi wa kazi nao ulikuwa umeandikwa "ana ujuzi mkubwa wa ujenzi". Nikamwomba mkandarasi anitajie vitu ambavyo kijana alivifanya bila injinia kusimama pembeni. Alitaja vitatu bila kusita: alisoma ramani za nondo na kuhesabu vyuma mwenyewe kabla ya kuagiza; alipima levo na kuweka alama za slabu; alipima ulaini wa zege kila lilipochanganywa. Hicho cha tatu wenyewe hukiita kipimo cha slampu. Unajaza koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 kwa matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo, kisha unainyanyua koni taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka mno, mara nyingi maji yamezidi. Nikauliza na ambacho hakukifanya. Ngazi ya zege aliipigia hesabu injinia. Tukaandika yote, na hilo la ngazi pia.

Neno la pili lililonisumbua ni usimamizi. Kwenye saiti zetu bado utasikia nyapara, neno lenye harufu ya gereza na mashamba ya walowezi: mtu anayesimama juu ya wengine wafanye haraka. Msimamizi tunayemzungumzia anasimamia watu na anasimamia ubora, na mtu anaweza kuwa hodari kwa kimoja na hafifu kwa kingine. Nikavitenga. Upande wa watu: mafundi na vibarua 14 wakati wa msingi, 35 wakati wa slabu, mahudhurio yakiandikwa kila asubuhi. Upande wa ubora, shajara ilikuwa na ukurasa nilioukunja pembeni.

Siku hiyo walikuwa wanamwaga nguzo. Mashine ya kuchanganyia ikaharibika katikati ya kazi, zege likakaa. Kijana ameandika kwa kalamu ya risasi: "Saa tisa alasiri vijana wameongeza maji kwenye zege lililokaa, nguzo mbili zimeshamwagwa. Nimesimamisha. Nimechukua kyubu za zege hilo hilo. Nguzo nimezitia rangi nyekundu." Kyubu ni vipande vya zege vya milimita 150 kila upande ambavyo hupelekwa maabara kuvunjwa, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28. Zege lao lilitakiwa kufika nyutoni 25 kwa milimita ya mraba siku ya 28, na siku ya 7 hutegemewa liwe limefika kama theluthi mbili ya hapo. Kyubu zile siku ya 7 zilitoa 12. Injinia akaagiza nguzo mbili zivunjwe na kumwagwa upya, na kwa kuwa zilikuwa na alama nyekundu hakuna aliyepoteza siku kubishana ni zipi.

"Hilo usiandike," mkandarasi akaniambia. "Utamharibia."

Tulibishana kidogo. Kwake yeye ile ilikuwa hasara ya nondo, saruji na siku nne. Kwangu ndiyo habari nzito kuliko zote katika madaftari yale. Nani angejua? Zege la maji mengi likishakauka ndani ya boksi linaweza kuonekana safi kuliko zuri. Kijana angeweza kuchukua kyubu za zege la asubuhi, na wako wanaofanya hivyo. Alijiandikia kosa lililotokea chini yake kabla maabara haijamwambia mtu. Mwishowe mkandarasi akakubali, tukaliweka kwa sentensi tatu zisizo na sifa: lililotokea, alichofanya, lililofuata.

Ikabaki reliability ya Waingereza, ambayo karani aliiandika, kama kawaida, "uaminifu". Hapa lugha yetu ina maneno mawili na tunatumia moja. Mwaminifu haibi saruji. Anayetegemeka anafika, na akisema slabu itakuwa tayari Alhamisi, Alhamisi unaikuta. Nimewajua watu waaminifu kabisa ambao huwezi kuwategemea kwa ndoo ya maji. Tukaandika kutegemeka, tukaliwekea idadi: katika miezi 16 hakufika kazini siku 5, zote alitoa taarifa. Kuhusu uaminifu tukaandika tulichoweza kukishuhudia: stoo ilihesabiwa kila mwezi, na katika muda wake hesabu haikupishana na vitabu.

Lakini palikuwa na doa. Taarifa zake za wiki zilichelewa. Rasimu ya karani ilisema "alijitahidi katika kuandaa taarifa", na aliyesoma shule za kwetu anajua maana ya "anajitahidi" kwenye ripoti ya mtoto. Wajerumani nao wanayo hii: kwenye barua zao za kazi, kusema mtu alijitahidi ni njia ya adabu ya kusema alishindwa. Mimi sipendi mafumbo hayo, kwa kuwa msomaji mmoja atayafumbua na mwingine hatayafumbua. Mkandarasi alitaka niandike "huchelewesha taarifa". Hilo nalo nililikataa, maana hu- inamfunga mtu maisha yake yote, na shahidi hajui ya kesho. Tukatumia -li-, wakati wa mambo yaliyoonekana: "Taarifa za wiki zilichelewa mara 9 katika miezi sita ya kwanza. Alipopewa karani wa saiti hazikuchelewa tena." Mwajiri mpya akisoma hapo anajua la kufanya.

Barua ikatoka ukurasa mmoja, pamoja na namba ya simu ya mkandarasi na mstari unaosema yeye mwenyewe alifika saiti mara mbili kwa wiki, ili msomaji ajue shahidi alikuwa amesimama wapi. "Mchapakazi" haikuwemo. Kijana alikuja kuichukua ofisini kwangu, akaisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye nguzo mbili alinyamaza, akairudia sehemu ile. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumtolea kopi ya ule ukurasa wa shajara aiambatanishe.