Punda wa Dobi katika Kurasa Thelathini na Mbili

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipokea kwa wasimulizi wa huko. Mojawapo ni ya kima na papa, na ndani yake mna kisa cha punda wa dobi. Hadithi hiyo ilitoka mbali: katika Panchatantra ya Kihindi adui wa nyani ni mamba, katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu ni kobe, na pwani akawa papa.

Kuigeuza kuwa kitabu cha picha kunaanzia kwenye karatasi. Kitabu cha namna hii kwa kawaida huwa na kurasa 32, yaani karatasi mbili zilizokunjwa kurasa 16 kila moja. Zikiondolewa nne, zikiwemo zenye jina na maelezo ya uchapaji, hubaki jozi 14 za kurasa zinazotazamana.

La kwanza kukatwa ni lile linaloonekana. Mkuyu ulioinamia bahari, matawi yake nusu nchi kavu na nusu juu ya maji, ni kazi ya mchoraji. Sarufi nayo husaidia. Kima na papa wote huchukua kiambishi *a-*, hivyo msimulizi wa mdomo hulazimika kuwataja kila mara; penye picha, “Akamtupia. Akala.” hutosha, kwa kuwa jicho limekwisha kumwona nani anatupa na nani anakula.

La pili ni mahali pa kufunua. Katikati ya bahari papa anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Maneno hayo yakae chini ya ukurasa wa kulia. Jibu la kima, kwamba moyo ameuacha mtini, lingoje upande wa pili. Likiwekwa kwenye jozi ileile, mtoto huliona kabla hajapata hofu.

Ugumu upo kwenye punda. Mhariri mwenye haraka humwondoa, na hadithi ikaishia kima akiwa salama mtini. Lakini papa anamwita tena, na kisa cha punda ndicho jibu: punda aliponyoka makucha ya simba, akashawishiwa na sungura, akarudi, akaliwa. Sungura akala moyo na masikio, kisha akamwambia simba kwamba mnyama yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Bila kisa hiki kima ni mjanja tu. Kikiwapo, ni mwenye kujifunza kwa msiba wa mwingine.

Basi jozi nane zitoshe kumrudisha kima mtini, tano ziwe za punda kwa rangi tofauti ili mtoto ajue ameingia hadithi nyingine, na ya mwisho irudi mkuyuni. Pale picha haiwezi kusema peke yake: papa anangoja chini, na kima anakataa kuwa punda wa dobi.