Rika la Njaa ya Uholanzi, 1944–1945

Rika la Njaa ya Uholanzi ni watu waliokuwa tumboni mwa mama zao, au waliotungwa mimba, wakati miji ya magharibi mwa nchi hiyo ilipokatiwa chakula katika miezi ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika utafiti wa afya, hakuna rika la njaa lililofuatiliwa kwa muda mrefu na kwa makini kama hili. Sababu si kwamba njaa yao ilipita nyingine kwa ukali. Njaa ya Mtunya, iliyowapiga Wagogo wa katikati ya Tanganyika kuanzia mwaka 1917 baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wanaume, iliacha makaburi mengi mno, lakini waliozaliwa wakati huo hawakuandikwa popote. Uholanzi kila mtoto aliandikwa.

Mkasa ulianza Septemba 1944. Serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwataka wafanyakazi wa reli wagome ili kusaidia majeshi ya Washirika yaliyokuwa yakisonga mbele. Reli zikasimama. Wajerumani, waliokuwa bado wameshika magharibi ya nchi, wakalipiza kwa kuzuia chakula kisiingie Amsterdam, Rotterdam na The Hague. Novemba walilegeza na kuruhusu mashua, ila baridi ya mwaka ule ilikuwa kali na mifereji ikaganda. Chakula kilikuwapo vijijini, lakini hakikuwa na njia ya kufika mjini.

Mgawo wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku mwishoni mwa Novemba, na kufikia Februari 1945 ulikuwa karibu 580. Kwa kipimo cha jikoni kwetu, hizo ni kama gramu 160 za unga wa mahindi kwa siku nzima, bila mboga wala mafuta. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu. Wanawake walitembea kilomita nyingi wakisukuma baiskeli zisizo na matairi, wakibadilishana mashuka na vito na wakulima kwa viazi. Wajawazito walikuwa na nyongeza yao katika mgawo, lakini njaa ilipofika kileleni hata hiyo haikupatikana. Watu wapatao 20,000 walikufa. Nchi ilikombolewa Mei 1945, na kufikia Juni mgawo ulikuwa umepita kalori 2,000.

Ghafla hiyo ya kuanza na kwisha ndiyo iliyowapa watafiti nafasi adimu. Njaa nyingi huja polepole, huambatana na maradhi na uhamaji, na huondoka bila tarehe. Hapa ilidumu miezi michache tu, mgawo wa kila wiki ulijulikana, na wakunga waliandika uzito wa kila mtoto. Kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuzaliwa, mtafiti anaweza kujua mama alishinda na njaa katika mwezi gani wa ujauzito. Sehemu za kusini mwa nchi zilikuwa zimekwisha kukombolewa, hivyo palikuwa na wenzao wa umri uleule waliokula vizuri zaidi wa kulinganisha nao.

Wa kwanza kuitumia nafasi hiyo kwa upana walikuwa Zena Stein na Mervyn Susser, mke na mume, madaktari wa Afrika Kusini waliohudumia wagonjwa katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, kabla ya kuondoka nchini mwao enzi za ubaguzi wa rangi. Wao na wenzao walichukua kumbukumbu za vijana wa kiume wapatao laki nne waliopimwa na jeshi la Uholanzi walipokaribia miaka 19. Walitaka kujua kama njaa ya mama hupunguza akili ya mtoto. Kitabu chao cha mwaka 1975 kilijibu kwamba, kwa walionusurika, hawakuona alama hiyo. Lilikuwa jibu la faraja, na kwa muda lilielekea kufunga mjadala.

Lakini mwaka uliofuata, kumbukumbu zilezile za jeshi zilionyesha jambo jingine. Vijana ambao mama zao walikuwa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene wa kupindukia kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Waliopatwa na njaa miezi ya mwisho ya ujauzito na miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, unene huo ulikuwa nadra zaidi kwao. Basi kilichoamua aina ya alama kilikuwa mwezi ambao njaa ilimkuta mtoto.

Baadaye kundi la watu zaidi ya 2,400, wote waliozaliwa katika hospitali moja ya Amsterdam, lilifuatiliwa, na sehemu yao wakaitwa na kupimwa upya walipofika miaka 50. Watoto ambao njaa iliwakuta miezi ya mwisho walizaliwa wepesi, gramu mia mbili na ushei chini ya kawaida, na ukubwani miili yao ilishindwa kudhibiti sukari vizuri. Waliotungwa njaani walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa, kwa kuwa mama zao walishiba kabla ya kujifungua. Hata hivyo ndio walioonyesha zaidi maradhi ya moyo. Tafiti nyingine ziliona kwamba waliotungwa njaa ilipokuwa kali kabisa walizaliwa na mgongo wazi kwa wingi zaidi, na walipokua skizofrenia iliwapata karibu mara mbili ya wengine.

Yapo maelezo ya namna mwili unavyotunza kumbukumbu hiyo. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watu 60 waliotungwa wakati wa njaa na ndugu zao wa tumbo moja, wa jinsia ileile, waliozaliwa kabla au baada. Miaka 60 baadaye, alama za kikemia zinazosimamia jeni ya IGF2, yenye kazi katika ukuaji, zilikuwa pungufu kwa wale wa njaa. Tofauti ilikuwa ndogo, na haithibitishi kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kulinganisha ndugu kulikuwa muhimu kwa sababu nyingine: wakati wa njaa wanawake wengi walikosa hedhi, na mimba zikapungua karibu nusu. Walioshika mimba huenda walikuwa wenye nafuu kuliko jirani zao, na jambo hilo hupotosha ulinganisho wa kawaida.

Wala njaa ya ujauzitoni haitoi matokeo yaleyale kila mahali. Leningrad ilizingirwa tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na mwishoni mwa 1941 wasio wafanyakazi walipewa gramu 125 za mkate kwa siku. Waliokuwa tumboni wakati huo walipopimwa miaka ya 1990, uwezo wao wa kudhibiti sukari haukutofautiana na wa wenzao waliozaliwa nje ya mazingira hayo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Mholanzi alizaliwa akakuta chakula tele, ilhali wa Leningrad aliendelea na uhaba kwa miaka. Mwili uliojizoeza uhaba tumboni hutaabika zaidi ukikutana na shibe.

Kwa kliniki za wajawazito za Afrika Mashariki, ambako mama wengi huhudhuria mara ya kwanza mimba ikiwa imekwisha kukua, historia hii ina agizo la wazi. Mzani wa kujifungulia hauwezi kumtambua mtoto aliyeumizwa na njaa ya miezi mitatu ya mwanzo. Kunapokuwa na ukame au vita, chakula cha msaada kimfikie mwanamke tangu mimba ikiwa changa, na tarehe yake ya hedhi ya mwisho iandikwe kwenye kadi na kutunzwa.