Git na safari ya miaka minane ya kuifuata fanksheni moja

Aprili 2025 Git ilitimiza miaka 20, na masimulizi ya kuzaliwa kwake yanafahamika: wajenzi wa Linux walipoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper bila malipo, Linus Torvalds akaandika chombo chake mwenyewe, na kufikia Julai 2005 Junio Hamano akawa mtunzaji wake. Jambo lisilosimuliwa vya kutosha ni mabishano yaliyozuka kabla chombo hicho hakijatimiza hata mwezi mmoja. Baadhi ya wachangiaji walitaka Git iandike waziwazi kila faili linapobadilishwa jina. Katikati ya Aprili 2005 Torvalds aliwajibu kwa barua ndefu akikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mwandishi wa programu hafuatilii faili, anafuatilia kipande cha msimbo, na kipande hicho huhama bila faili lolote kubadilishwa jina. Fanksheni ikitolewa katika faili moja na kupelekwa katika jingine, daftari la majina ya mafaili halina la kusema. Badala yake alieleza chombo ambacho mtu angekionyesha mistari kadhaa, nacho kingerudi nyuma hadi pale ilipobadilika, kisha kitafute ilikotoka.

Nusu ya ahadi hiyo ilichukua miaka minane. Mwanafunzi Bo Yang aliianza kazi mwaka 2010 chini ya mpango wa majira ya joto wa Google, Thomas Rast akaikamilisha, na chaguo la `-L` katika `git log` likatoka na toleo la 1.8.4, Agosti 2013. Tuchukue fanksheni ya kukokotoa makato ya mshahara:

```
git log -L :kokotoa_makato:mshahara.c
```

Tuseme leo inakaa mstari wa 120 hadi 145. Git inaanzia hapo na kurudi nyuma, komiti moja baada ya nyingine. Ikikuta komiti iliyoongeza mistari 10 juu ya faili, haiionyeshi. Inasogeza tu mipaka yake hadi 110 na 135, kwa kuwa huko ndiko fanksheni ilikokuwa kabla ya nyongeza hiyo. Ikikuta komiti iliyogusa mstari ulio ndani ya mipaka, inaionyesha pamoja na badiliko lenyewe. Inaendelea hivyo hadi ifike komiti ambayo kabla yake mistari hiyo haikuwepo, na hapo orodha inakoma.

Wapo watakaosema `git blame` inatosha. Haitoshi, kwa sababu blame huonyesha aliyegusa mwisho kila mstari uliopo leo. Sharti lililofutwa mwaka jana, ambalo huenda ndilo chanzo cha hitilafu inayotafutwa, halina mstari wa kuoneshwa. `-L` hulionyesha, lengo la kufutwa likiwa limeandikwa pembeni ikiwa mwandishi aliacha maelezo ya maana.

Hata hivyo mipaka yenyewe hukisiwa. Git huanzia kwenye kichwa cha fanksheni na kukomea kabla ya kichwa kinachofuata, hivyo maelezo yaliyo juu ya fanksheni jirani huingizwa ndani, na kuhaririwa kwake huonekana kana kwamba ni badiliko la fanksheni yetu. Katika Python, njia zilizo ndani ya darasa hazitambuliki hadi `*.py diff=python` iandikwe katika `.gitattributes`. Bila hiyo jibu ni kwamba hakuna kilichopatikana.

Kasoro kubwa iko mwisho wa orodha, na hapa watetezi wa kuandika mabadiliko ya majina wangeweza kuuliza: iko wapi nusu ya pili ya ahadi? Wana haki ya kuuliza. `-L` hufuata faili zima lililobadilishwa jina, lakini fanksheni ikihamishwa peke yake, hukomea kwenye komiti ya uhamisho na kuionyesha kama kuzaliwa. Lakini hilo haliwapi ushindi, kwani daftari lao nalo lisingeona uhamisho huo. Dalili yake ni komiti ya mwisho yenye mistari ya kuongeza tu, huku ujumbe wake ukizungumzia kupanga upya msimbo. Ifungue nzima kwa `git show`. Ukiona mistari ileile imefutwa katika `malipo.c`, anza tena kutoka kwa komiti iliyoitangulia ile ya uhamisho, tuseme `3f9c2a1`:

```
git log -L :kokotoa_makato:malipo.c 3f9c2a1^
```

Tangu 2013 marekebisho ya chaguo hili yamekuwa madogo, na hatua hiyo ya mwisho bado hufanywa kwa mkono. Basi usimtaje mtu kuwa mwanzilishi wa fanksheni kabla hujaifungua komiti yake ya kwanza nzima na kuhakikisha kwamba mistari hiyo haikutoka faili jingine.