Fidia ya Mapatano (katika tafsiri ya mikataba ya Kifaransa)

Fidia ya mapatano ni jina ambalo makala haya yanalipendelea kwa kile kifungu cha mkataba ambacho Wafaransa hukiita kloz penal, yaani kifungu ambacho kwacho wenye kuafikiana hukata mapema kiasi cha fedha atakachotoa yule atakayeshindwa kutimiza ahadi yake, au atakayeitimiza kwa kuchelewa, pasipo mwenzake kulazimika kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba amepata hasara ya kadiri gani. Kifungu hicho kimo katika Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa tangu mwaka 1804; Wabelgiji wakakirithi, kisha wakakipeleka Kongo kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, amri ambayo baadaye ilitumika hata Ruanda-Urundi. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili hukutana nacho Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura, na kadhalika hukutana nacho mfanyabiashara wa Mbeya au Kigoma ambaye shehena yake inavuka mpaka kwenda kwa mnunuzi ambaye karatasi zake zote zimeandikwa kwa Kifaransa.

Tafsiri inayomjia mfasiri upesi zaidi ni "kifungu cha adhabu", na neno kwa neno haina kasoro, ila kwa maana ina kasoro mbili. Kwanza, adhabu katika Kiswahili hutoka kwa mwenye mamlaka kumwendea mkosaji: baba humwadhibu mwana, hakimu humhukumu mwizi, na hata faini, ambayo ni adhabu ya fedha, huingia katika hazina ya serikali wala haiingii mfukoni mwa jirani. Muuzaji anayesoma kwamba atapewa adhabu kwa kuchelewesha saruji yamkini akadhani kwamba ametishiwa polisi. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, neno hilo humtia mwanasheria wa Tanzania au Kenya katika mlango usio wake. Mapokeo ya Kiingereza tangu zamani yametenga fidia iliyokadiriwa kwa haki, ambayo mahakama huikubali, na tishio la fedha lililowekwa ili kumtisha mtu, ambalo mahakama hulikataa. Na Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyofuata nyayo za sheria ya India ya mwaka 1872, inasema katika kifungu cha 74 kwamba aliyevunjiwa ahadi atapata fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa, hata kama hasara haikuthibitishwa. Mwanasheria aliyelelewa katika mapokeo hayo akiliona neno "adhabu" juu ya kifungu, huanza papo hapo kutafuta njia ya kukiangusha.

Kwa Mfaransa, kinyume chake, kifungu hicho ni halali tangu asili, na kule kutisha ni sehemu ya kazi yake. Kanuni ya mwaka 1804 ilitaka hakimu asitoe zaidi wala pungufu ya kilichoandikwa, isipokuwa ahadi ilipokuwa imetimizwa kwa sehemu. Kisha sheria ya tarehe 9 Julai 1975 ikampa hakimu ruhusa ya kupunguza kiasi kilichopita kiasi kwa dhahiri, au kukiongeza kilicho cha dhihaka, na ruhusa hiyo, ambayo wenye mkataba hawawezi kuiondoa kwa mapatano yao, leo imo katika kifungu cha 1231-5 cha kanuni iliyofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2016. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza kwanza mkataba ulio mezani unafuata sheria ya nchi gani, kwa maana maneno yale yale ya Kifaransa yaliyoandikwa Paris na Lubumbashi hayamfungi hakimu kwa namna moja: marekebisho ya Paris ya mwaka 1975 na ya 2016 hayakubadili maneno ya amri ya 1888.

Wako wanaokimbia "adhabu" wakaandika "fidia" peke yake, nao wamekosea kwa upande wa pili, kwa kuwa fidia bila ya kivumishi ni malipo ya hasara iliyotokea, na msomaji atataka aonyeshwe hasara hiyo. Waandishi wa sheria wa Misri, ambao kanuni yao ya mwaka 1948 imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mawazo ya Kifaransa, walikutana na shida iyo hiyo, na katika vitabu vyao hutumia majina mawili: sharti jazai, ambalo linaelekea upande wa adhabu, na taawidhi itifaki, ambalo maana yake ni malipo yaliyoafikiwa. Hilo la pili ndilo linalotufaa. Jaza kwetu imekwisha zoeleka kuwa thawabu, na "sharti la jaza" lingemfanya muuzaji atarajie zawadi kwa kuchelewa kwake! Ama "fidia ya mapatano" inasema wazi kwamba kiasi kimetokana na ridhaa ya wawili, na neno "mapatano" lenyewe linamzuia msomaji asidai hesabu ya hasara. Kinachopotea ni ule ukali wa onyo, na ukali huo mfasiri ataurudisha kwa sentensi moja ya ufafanuzi, kama itakavyoonekana.

Tuseme mkataba umeandikwa kwa Kifaransa baina ya mnunuzi wa Lubumbashi na muuzaji wa Mbeya, kwa tani 200 za saruji kwa bei ya dola 150 kila tani, zifike tarehe 1 Juni. Kifungu cha fidia kinasema kwamba muuzaji atakayechelewa atalipa, kwa kila siku, asilimia moja ya bei ya shehena ambayo haijafika, kuanzia mizan demer. Tani 120 zimefika kwa wakati. Tani 80, ambazo bei yake ni dola 12,000, zimekwama, nazo zinafika tarehe 24 Juni. Fidia ya kila siku ni dola 120, na hakuna ugomvi juu ya hilo. Ugomvi uko katika siku ya kuanza kuhesabu, kwa sababu mfasiri, asiyejua la kufanya na yale maneno mawili ya mwisho, ameandika "kuanzia siku ya kuchelewa". Kwa nakala ya Kiswahili, siku ni 23 na deni ni dola 2,760. Kwa nakala ya Kifaransa, mnunuzi aliandika barua ya kumtaka muuzaji atimize, nayo ilimfikia tarehe 10 Juni. Siku ni 14 na deni ni dola 1,680. Dola 1,080 zimezaliwa na kalamu ya mfasiri.

Mizan demer si taarifa tu, wala si malalamiko. Ni tendo la kisheria ambalo kwalo mwia humtaka mdeni wake, kwa maneno yasiyo na shaka, atimize ahadi iliyokwisha fika wakati wake; na mpaka tendo hilo lifanyike, sheria ya Kifaransa aghalabu humhesabu mwia kuwa mtu mstahimilivu ambaye ukimya wake ni muhula kwa mdeni. Likifanyika, kuchelewa hugeuka kuwa kosa, fidia huanza kukimbia, na mali iliyopaswa kukabidhiwa ikiangamia, msiba wake humwangukia aliyepaswa kuikabidhi. Laweza kufanywa kwa hati ya mjumbe wa mahakama au kwa barua inayomtaka mdeni vya kutosha. Tena mkataba waweza kusema kwamba kufika kwa tarehe peke yake kunatosha, na hapo hakuna barua inayohitajika. "Ilani" ni pana mno, kwa kuwa hata tangazo la mkutano ni ilani. "Onyo" linamkaripia mtu bila ya kumwambia afanye nini. "Barua ya madai", ambayo mawakili wa Dar es Salaam huiandika kila siku, iko karibu zaidi, ila kwao ni hatua ya adabu kabla ya kwenda mahakamani, ilhali kwa Mfaransa ndiyo mlango wenyewe wa haki. Mfasiri ataandika "ilani ya kutaka utimizo", na katika mfano wetu kifungu kitasomeka hivi: kuanzia siku ambayo muuzaji atapokea ilani ya kutaka utimizo, na si kabla ya siku hiyo.

Kifungu kinachofuata katika mikataba ya namna hii aghalabu ni kile cha kuukomesha mkataba wote, na hapo Kiswahili kina mali ambayo wafasiri wengi huiacha sandukuni. Kifaransa husema kwamba mkataba utakwisha de plen drua, maana yake kwa nguvu yake yenyewe, bila ya mtu kumwomba hakimu auvunje. Mfasiri mvivu huandika "mkataba utavunjwa", na kitenzi hicho cha kutendwa kinamwita mtendaji: utavunjwa na nani? Kauli ya kutendeka haimwiti mtu. Lakini "utavunjika" nao una mtego, kwa kuwa kuvunja mkataba kwa watu wa kawaida ni kukosa ahadi, na sentensi ingesema kwamba mkataba ukivunjwa utavunjika. Kuna neno kongwe la pwani, kutangua, na kauli yake ya kutanguka, ambalo watu wa zamani walilitumia kwa nadhiri, kwa udhu na kwa hukumu. Basi mdeni huvunja ahadi, na mkataba hutanguka. Kubatilika kuachiwe mkataba ambao tangu mwanzo haukuwa halali, na kukoma kuachiwe ule wa muda mrefu, kama wa upangaji, unaosimama kwa siku zijazo bila ya kuyafuta yaliyopita.

Hata hivyo kutanguka kwa nguvu yake yenyewe hakumaanishi kutanguka bila ya ilani. Kifungu cha 1225 cha kanuni ya Ufaransa kinataka ahadi ambazo kukosewa kwake kutautangua mkataba zitajwe, na kinataka ilani itangulie, isipokuwa wenye mkataba wameafikiana kwamba kule kukosa tu kunatosha. Tena ilani isiyokitaja waziwazi kile kifungu cha kutanguka haina nguvu. Mfasiri akiona de plen drua akaongeza kwa hiari yake "papo hapo" au "bila ya taarifa", amempa mnunuzi silaha ambayo Kifaransa hakikumpa.

Istilahi hizi hazitoshi kusimama peke yake, maana msomaji hatazikuta zimefafanuliwa kwingine: orodha ya istilahi za sheria aliyoitoa A. B. Weston Dar es Salaam mwaka 1968 ilitengenezwa kwa ajili ya sheria yenye asili ya Kiingereza. Kwa hiyo wenye mkataba watiwe shime wakubali kifungu cha maana za maneno mwanzoni mwa nakala ya Kiswahili, chenye maneno kama haya: "Fidia ya mapatano ni kiasi kilichowekwa na mkataba huu ili kulipia hasara na kumhimiza mdeni atimize kwa wakati, na mwia hatatakiwa kuthibitisha hasara." Kauli hiyo ya kuhimiza ndiyo inayorudisha ukali uliopotea, ingawa mkataba utakaohukumiwa kwa sheria ya Tanzania hauna faida nayo, maana inamkumbusha hakimu tofauti ile ya Waingereza. Huko mfasiri ataiacha, naye atamwandikia aliyemtuma, nje ya mkataba, kwa nini ameiacha, kwa kuwa kuamua kama iondoke katika Kifaransa pia si kazi yake.

Aghalabu mkataba humalizika kwa kusema kwamba nakala mbili zikihitilafiana, ya Kifaransa ndiyo itakayofuatwa. Kifungu hicho humlinda mnunuzi wa Lubumbashi, wala hakimlindi muuzaji wa Mbeya aliyepanga malori yake kwa kuifuata nakala anayoweza kuisoma, na kwa sababu hiyo kitafsiriwe kwa maneno mepesi kuliko vyote, kisha kiwekwe mwanzoni mwa nakala ya Kiswahili, pale anapoanza kusoma.