Viza ya masomo ya Uingereza: Kwa nini maombi hukataliwa na namna ya kuomba upya

Mwombaji wa viza ya masomo ya Uingereza anaweza kuwa na nafasi chuoni na fedha za kutosha benki, na bado akanyimwa viza. Mara nyingi kasoro huwa katika namna fedha hizo zilivyotunzwa na kuthibitishwa. Makala hii inaeleza kanuni zinazohusika, na jinsi mwombaji aliyekataliwa anavyoweza kurekebisha kasoro hiyo kabla ya kuomba tena.

Kanuni za Uingereza zinamtaka mwombaji aonyeshe fedha za aina mbili: ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado haijalipwa, na gharama za kujikimu kwa muda wa masomo usiozidi miezi tisa. Jumla ya fedha hizo inatakiwa ikae katika akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango hata kwa siku moja. Aidha, siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita kwa zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya maombi. Akaunti zinazokubalika ni ya mwombaji mwenyewe, mwenzi wake, mzazi au mlezi wake wa kisheria. Akaunti ya mjomba, shangazi au kaka haihesabiwi, hata kama ndiye anayemsomesha.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa kijana wa Kata ya Kiwangwa, Wilaya ya Bagamoyo, ambaye baba yake ni mkulima wa mananasi. Ada ya chuo chake, kilicho nje ya London, ni pauni 14,000, na tayari amelipa pauni 4,000. Mwezi Agosti 2025 gharama za kujikimu nje ya London zilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, sawa na pauni 10,224 kwa miezi tisa. Kwa hiyo alitakiwa kuonyesha pauni 20,224.

Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa katika akaunti ya baba. Kiasi kilichopungua kilitoka kwa mjomba, na kiliingizwa katika akaunti hiyo tarehe 14 Julai. Kijana alichukua taarifa ya benki na kuwasilisha maombi tarehe 4 Agosti. Siku hiyo salio lilitosha, lakini lilikuwa limefikisha kiwango kwa siku 22 tu. Maombi yakakataliwa.

Hatua ya kwanza ni kuisoma barua ya kukataliwa na kubaini kifungu kilichotajwa. Mwombaji aliye nje ya Uingereza ana siku 28 za kuomba mapitio ya kiutawala, lakini njia hiyo inafaa pale tu ambapo ofisa amekosea katika kutathmini maombi. Katika mfano huu ofisa hakukosea, hivyo njia sahihi ni maombi mapya.

Maombi mapya yanahitaji hati mpya ya chuo ya kuthibitisha udahili, ijulikanayo kama CAS, kwa sababu hati moja hutumika kwa maombi mamoja. Mwombaji ahakikishe kuwa ada aliyokwisha kulipa imeandikwa katika hati hiyo. Iwapo tarehe ya mwisho ya kuripoti imepita, akiombe chuo kimhamishie muhula wa Januari.

Hapo ndipo penye mtego mwingine. Kuanzia tarehe 11 Novemba 2025 gharama za kujikimu nje ya London zilipanda hadi pauni 1,171 kwa mwezi. Kijana wetu akiomba baada ya tarehe hiyo atatakiwa kuonyesha pauni 20,539 hata kama ada haijabadilika, na kiasi hicho kiwe kimetimiza siku 28. Fedha zikiwa katika shilingi, hubadilishwa kwa kiwango cha tarehe ya maombi. Hivyo ni busara kuacha ziada ya kufidia mabadiliko ya thamani.

Kwa kuwa akaunti ni ya baba, ziambatishwe cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi na barua ya mzazi iliyosainiwa, inayoeleza uhusiano wao na kuridhia fedha hizo zitumike kwa masomo. Nyaraka iliyo katika Kiswahili pekee iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Mwisho, fomu huuliza iwapo mwombaji amewahi kunyimwa viza. Ajibu kwa ukweli na aeleze kilichorekebishwa. Kukataliwa kwa sababu ya upungufu wa siku hakumzuii kuomba tena, lakini udanganyifu au taarifa ya benki ya kughushi vinaweza kumfungia mlango wa Uingereza kwa miaka 10.