Kavitesheni ya pampu

Kavitesheni ni kuchemka kwa maji ndani ya pampu bila moto. Shinikizo kwenye mdomo wa impela likishuka chini ya shinikizo la mvuke, viputo huzuka. Vikifika penye shinikizo kubwa hupasuka kwa ndani na kuchimba chuma hadi kifanane na sifongo. Fundi husikia mlio kama wa kokoto ndani ya pampu.

Kinga yake ni kimo halisi cha ufyonzaji (NPSH): kilichopo kizidi kile anachotaka mtengenezaji. Tuseme pampu inataka mita 3, imekaa mita 5 juu ya maji ya kisima, na msuguano wa bomba unakula mita 1. Mombasa, hewa husukuma maji mita 10.3, ukitoa hizo 6 na 0.4 ya mvuke, hubaki 3.9. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa hutoa 8.4 tu, ukitoa 6 na 0.2 ya mvuke, hubaki 2.2. Pampu ileile itaharibika.

Ishushe karibu na maji, panua bomba la kufyonzea, safisha chujio. Kubana vali ya kutolea husaidia kwa muda. Ya kufyonzea, kamwe usiibane.