Sehemu, akisami na keki ya mstatili

Mwalimu anayerekodi video ya dakika tatu kuhusu 3/4, keki ikiwa mezani na kisu mkononi, ana uamuzi wa kufanya kabla hajakata chochote: namba hiyo ataiitaje? Vitabu vya Hisabati vya shule za msingi Tanzania huiita sehemu. Kenya, ambako Hisabati kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza, mtoto hukutana na majina ya Kiswahili ya namba hizi katika somo la Kiswahili, nako huitwa akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri.

Akisami ina faida ya kutokuwa na kazi nyingine. Sehemu inazo nyingi. Nyumbani mtoto amezoea kusikia kwamba kaka yake kachukua sehemu kubwa ya chakula, na hakuna aliyepima. Katika Hisabati neno hilohilo lina sharti ambalo halisikiki ndani yake, kwamba kitu kizima kimegawanywa kwa usawa. Mtoto asiyejua sharti hilo ataona keki iliyokatwa ovyo vipande vinne, na kwake kila kipande kitakuwa robo.

Kwa hiyo ningeanza video kwa kukata vibaya makusudi. Keki iwe ya mstatili, iliyookwa kwenye trei ya sentimita 30 kwa 20. Mwalimu anakata vipande vinne, kimoja kikubwa kama kitabu na kimoja chembamba kama rula, kisha anainua kile chembamba: “Vipande ni vinne. Hiki ni robo? Simamisha video, mjibu mwenzako.” Halafu analeta keki ya pili yenye ukubwa uleule. Anaikata katikati ya urefu, kwenye sentimita 15, kisha katikati ya upana, kwenye sentimita 10. Sasa kila kipande ni sentimita 15 kwa 10, na anaweza kuvipandanisha watoto waone kwamba vinalingana. “Hiki ndicho robo.” Tangu hapo atumie kipande kwa kile kinacholiwa na sehemu kwa namba inayokitaja, asiyachanganye.

Kamera iwe juu ya meza, ikitazama chini. Ikiwekwa upande, vipande vya mbele huonekana vikubwa kuliko vya nyuma, na mtoto makini atasema mwalimu amekata vibaya tena. Atakuwa na haki.

Sasa linakuja jambo ambalo Kiswahili hulirahisisha, nalo hupotezwa mapema mno darasani. Tunasema robo tatu. Robo ni jina la aina ya kipande, tatu ni idadi yake, kwa mpangilio uleule wa ndizi tatu au kalamu tatu. Ukiandika 3/4 na kusoma “tatu juu ya nne”, mtoto anaona namba mbili zilizobebana, na kila moja anataka kuifanyia kazi kivyake. Ndiyo maana ningetaka mwalimu ahesabu kwa kinywa kwanza, akigusa vipande: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, keki nzima. Alama ziandikwe baadaye.

Zikishaandikwa, ndipo istilahi mbili za vitabu vya Tanzania zinapata mahali pa kukaa. Namba ya chini ni asili, na ya juu ni kiasi. Asili inaeleza kipande kimetokana na mgawanyo gani. Kiasi kinaeleza umechukua vipande vingapi vya namna hiyo. Katika robo tatu, robo ndiyo sauti ya asili na tatu ndiyo sauti ya kiasi. Mwalimu akiyaeleza hivyo, huku kidole kikiwa kwenye keki, maneno hayo hayahitaji kukaririwa.

Kosa la kwanza la kutegea ni 1/8. Muulize mtoto ipi kubwa, 1/4 au 1/8. Akijibu 1/8 kwa sababu nane inazidi nne, amesoma asili kana kwamba ni idadi ya vipande alivyopewa. Mwalimu akate robo moja katikati, kipande kiwe sentimita 7.5 kwa 10, akiweke juu ya robo nzima. Thumuni mbili ndizo robo moja. Watoto waliokulia karibu na hesabu za mirathi ya Kiislamu huenda walishalisikia hilo: mjane hupata robo mume asipoacha mtoto, na thumuni akiacha.

Kosa la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linafanana na kazi safi. Mtoto anajumlisha 1/4 na 2/4, juu anapata 3, chini anapata 8, anaandika 3/8. Usimkosoe kwa kanuni. Mwambie asome kwa maneno: robo moja na robo mbili ni robo ngapi? Kisha mwonyeshe kwamba robo mbili peke yake tayari ni nusu keki, ilhali 3/8 ni pungufu ya nusu. Jumla haiwezi kuwa ndogo kuliko kimojawapo cha vilivyojumlishwa.

Je, kujumlisha nusu na theluthi? Hapa keki ya mstatili inaishinda ya duara, ambayo ni taabu kuikata mara tatu sawasawa. Keki nyingine, au karatasi ya ukubwa uleule kwa asiye na keki ya tatu, inakatwa mara mbili kwa upana na mara moja kwa urefu. Vinatoka vipande sita, kila kimoja cha sentimita 10 kwa 10. Nusu ya keki ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano, yaani sudusi tano, 5/6. Mwanafunzi ameona kwamba hakuweza kujumlisha mpaka nusu na theluthi zilipopewa asili moja, na ameiona hiyo sita ikitoka kwenye kisu.

Keki ina mipaka yake. Ukitaka kuonyesha 5/4 utaleta keki ya pili iliyokatwa robo, na wengi watahesabu vipande vyote mezani na kusema 5/8. Wamebadilisha kitu kizima bila kujua: kwao kizima ni keki zote mbili. Mwalimu aseme wazi, na aandike kwenye skrini, “kizima ni keki 1”, kabla hajagusa kipande cha tano.

Majina nayo yana mwisho. Baada ya ushuri hatuna neno moja la 1/12, tunasema moja ya kumi na mbili, na watoto wengi wa bara hawajawahi kusikia subui wala tusui. Kwa hiyo video itumie nusu, theluthi, robo, sudusi na thumuni, kisha ihamie kwenye kiasi na asili. Mwalimu anayetaka kutazamwa Dodoma na Mombasa aandike sehemu na akisami pamoja mara ya kwanza, theluthi na thuluthi pamoja vilevile, halafu achague moja na kuendelea nayo hadi mwisho.